Maoni 412, yanayoonekana 163

Kesho yake baada ya mechi ya watani wa jadi, chini ya video za uchambuzi wa Simba na Yanga huanza ubishi wa pili usiohusu mpira hata kidogo. Mtu anaandika kwamba video inaonyesha ina maoni 412, lakini yeye ameteremka mpaka mwisho wa ukurasa na amehesabu 163 tu. Mengine yako wapi? Dakika chache baadaye wenzake wanamwunga mkono: mwenye chaneli anafuta maoni ya mashabiki wa upande mmoja na kuwaacha wa upande wake. Mwenye chaneli anajibu kwamba hajafuta hata moja. Hakuna anayemwamini, kwa sababu tarakimu iko pale juu na kila mtu anaiona.

Tuhuma hiyo ni nzito, na mara nyingi haina msingi. Anayeitoa haongopi, kwa kuwa ameona alichokiona. Tatizo ni kwamba amelinganisha vitu viwili ambavyo YouTube haikuvitengeneza vilingane. Tarakimu iliyo juu ni hesabu ya kitu kimoja, na orodha iliyo chini ni sehemu tu ya kitu hicho. Sehemu kubwa ya tofauti yao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kujumlisha na kutoa. Tufanye hesabu hiyo kwa video ya mfano. Tarakimu zake nimezipanga ili zifuatike kirahisi, lakini kila kinachotokea ndani yake hutokea kila siku.

Tuanze na majibu, maana hapo ndipo tofauti kubwa inapozaliwa. Chini ya video ya YouTube kuna maandishi ya aina mbili. Kuna maoni makuu, yaani yale ambayo mtu huyaandika moja kwa moja chini ya video. Kuna pia majibu, yaani yale yanayoandikwa chini ya maoni ya mtu mwingine. Tarakimu inayoonekana juu hujumlisha yote mawili. Shabiki akiandika kwamba refa alikosea, hiyo ni moja. Mwenzake akimjibu kwamba refa alikuwa sahihi, hiyo ni ya pili. Wa kwanza akimrudia, hiyo ni ya tatu. Ukurasa ukifunguliwa, hata hivyo, utaona maoni ya yule wa kwanza peke yake, na chini yake kitufe kidogo kinachosema kuna majibu mawili. Usipokigusa, utakuwa umeona moja kati ya matatu.

Wala haisaidii kwamba watu hujibu majibu. Kwa miaka mingi YouTube ilipanga majibu yote ya mjadala mmoja katika safu moja, na aliyetaka kumlenga mtu fulani alianza kwa kuandika jina lake lenye alama ya @. Ukijibu jibu, bado hilo ni jibu, nalo linahesabiwa moja. Ndiyo maana maoni makuu machache yenye ubishi mkali hubeba hesabu kubwa kuliko maoni mengi ya pongezi. Kwenye video za mpira, siasa na dini, mjadala mmoja unaweza kuwa na majibu mengi kuliko maoni makuu yote ya video ya mapishi, na yote hayo yamefichwa nyuma ya kitufe kimoja.

Sasa turudi kwenye video yetu. Shabiki amehesabu maoni makuu 163, na hesabu yake ni sahihi. Anachopaswa kufanya baada ya hapo ni kuteremka tena, safari hii akisoma vitufe vya majibu. Tuseme kati ya maoni hayo, 48 yana kitufe hicho, na akijumlisha idadi zilizoandikwa juu ya vitufe vyote anapata 221. Ajumlishe 163 na 221, atapata 384. Alianza akiamini kwamba maoni 249 yamepotea. Bila kufungua hata jibu moja, sasa anatafuta 28.

Kuna mambo mawili madogo ya kuangalia kabla ya kuendelea. La kwanza ni mpangilio. YouTube ikifungua maoni huanza na yale inayoyaona yanastahili kutangulia, kwa kutazama kupendwa kwake, majibu yake na mambo mengine. Kwa kuhesabu, badilisha upange kuanzia mapya zaidi, kisha teremka polepole. Orodha haiji yote kwa pamoja. Huletwa kwa mafungu, na mtandao ukiwa mzito fungu linalofuata linaweza kukwama huku wewe ukidhani umefika mwisho. La pili ni mkato wa tarakimu. Video ikiwa na maoni mengi, simu huandika kwa ufupi, kwa mfano elfu 1.2. Mkato huo hauonyeshi idadi kamili, na hapo hesabu yako inaweza kutofautiana nao bila maoni yoyote kupotea. Video yetu ina 412 kamili, kwa hiyo haituhusu.

Kama video ilirushwa moja kwa moja, kuna la ziada. Ujumbe wa gumzo unaopita pembeni wakati wa matangazo si maoni, na hauingii kwenye tarakimu ya maoni. Watu wanaweza kuandika maelfu ya ujumbe wakati mechi inachambuliwa, kisha kesho yake video ikaonyesha maoni 60. Hakuna aliyefuta chochote. Gumzo lina nafasi yake na maoni yana nafasi yake.

Shabiki wetu sasa afungue vitufe vyote 48, kimoja baada ya kingine. Ni kazi inayochosha, lakini ndiyo inayotoa ushahidi. Anakuta kwamba vingi viko sawa: kitufe kikisema majibu manne, yanafunguka manne. Viwili haviko sawa. Kimoja kinasema majibu 37, yanafunguka 31. Kingine kinasema 12, yanafunguka 11. Majibu saba yametajwa lakini hayaonekani. Kwa hiyo maandishi ambayo macho ya mtu yanaweza kuyafikia kweli ni 377, na pengo halisi kati yake na 412 ni 35.

Hapa maelezo ya majibu yanaishia. Yale 35 yana chanzo kingine, na ili kukielewa inabidi tujue tarakimu ile inapatikanaje.

Wengi hudhani kwamba kila mtu akifungua video, YouTube huyapitia maoni yote na kuyahesabu moja hadi la mwisho. Ingefanya hivyo, video maarufu zingeilemea. Zile zenye mamilioni ya maoni zingelazimika kuhesabiwa upya kila sekunde kwa ajili ya kila mtazamaji, na majibu yangechelewa hadi watu wachoke kusubiri. Mifumo mikubwa ya aina hii huitunza tarakimu kando kama kumbukumbu inayojitegemea. Maoni yakiingia, kumbukumbu huongezewa moja. Maoni yakiondoka, hupunguziwa. Kisha nakala za kumbukumbu hiyo husambazwa kwenye seva nyingi, ili mtazamaji wa Mwanza na wa Maskati wasisubiri jibu kutoka mahali pamoja.

Ifikirie kama daftari la mlangoni kwenye harusi. Anayeingia huandikwa jina. Ukitaka kujua wangapi wamekuja, unatazama daftari, huzunguki ukumbini kuhesabu vichwa. Lakini aliyetokea mlango wa nyuma bado yumo daftarini mpaka mtu akumbuke kumkata, na aliyezuiwa kwenye kibaraza asubiri ruhusa ya wenye shughuli huenda tayari ameandikwa. Daftari halidanganyi. Linajibu swali moja, na ukumbi unajibu jingine.

Wale wa kwenye kibaraza ndio kundi la kwanza la pengo letu. Kila maoni kwenye YouTube yana hali. Mengine yamechapishwa, na hayo ndiyo unayoyaona. Mengine yanashikiliwa yasubiri mwenye chaneli ayakague. Mengine mfumo umeyashuku kuwa maoni taka. Mtazamaji wa kawaida huletewa yaliyochapishwa peke yake, hana namna ya kuyaona mengine, wala hakuna alama inayomwambia kwamba hapa palikuwa na kitu.

Nani anayashikilia? Hapa ndipo mwenye chaneli huonewa sana. Kuna vichujio vya YouTube yenyewe ambavyo hukagua kila kinachoandikwa kabla binadamu hajakisoma. Mwenye chaneli huchagua ukali wa vichujio hivyo kwenye mipangilio yake: anaweza kutoshikilia chochote, kushikilia yenye dalili za wazi, kuongeza ukali, au kushikilia yote mpaka ayapitishe mwenyewe. Anaweza pia kuandika orodha ya maneno asiyoyataka, na kuamua kwamba maoni yenye kiungo cha tovuti yasipite moja kwa moja. Akishaweka hayo mara moja, mfumo unafanya kazi usiku na mchana bila yeye kujua nani kazuiwa. Akiweka jina la utani la mashabiki wa timu pinzani kwenye orodha yake kwa sababu lilitumika kutukana msimu uliopita, basi kila atakayelitaja msimu huu atashikiliwa, hata aliyelitaja kwa heshima.

Ndipo hutokea mazungumzo ambayo wenye chaneli wadogo wanayajua vizuri. Mtu anatuma ujumbe: "Kaka, mbona umefuta komenti yangu?" Naye anajibu: "Sijafuta ndugu yangu, hata kuiona sijaiona." Wote wawili wanasema kweli. Maoni yako kwenye kichupo cha yanayosubiri ukaguzi ndani ya YouTube Studio, ambacho mwenye chaneli hajakifungua tangu afungue chaneli. Hukaa humo kwa muda usiozidi siku 60. Asipoyapitisha, hakuna mwingine atakayeyapitisha.

Mwandishi mwenyewe anaweza kutojua kwamba maneno yake yameshikiliwa au yamefichwa, kwa sababu akiwa ameingia kwenye akaunti yake huenda bado anayaona palepale alipoyaandika. Kipimo ni rahisi. Nakili anwani ya video, fungua dirisha la hali fiche kwenye kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yoyote, panga maoni kuanzia mapya zaidi, kisha jitafute. Ukijiona, kila mtu anakuona. Usipojiona huko huku ukijiona kwenye simu yako, umeshikiliwa au umefichwa. Usiandike maneno yaleyale mara tano kwa hasira. Kurudia maandishi yanayofanana ni mojawapo ya tabia zinazoufanya mfumo ukushuku zaidi.

Kundi la pili ni la watu waliofichwa. Mwenye chaneli anaweza kumficha mtumiaji fulani ili maoni yake yasionekane na wengine kwenye chaneli nzima. Hapa ndipo tuhuma ya upendeleo inaweza kuwa ya kweli, na sitaki kuificha. Ipo haki ya mwenye nyumba kumtoa mgeni anayetukana, na ipo tabia ya kumtoa kila anayekosoa. Ila tarakimu peke yake haiwezi kukuambia ni lipi lililotokea. Pengo la 35 linalotokana na matusi na pengo la 35 linalotokana na ukosoaji yanafanana kabisa yakitazamwa kutoka nje.

Kundi la tatu ndilo linaloleta mishtuko mikubwa ya hesabu, nalo ni maoni taka. Msomaji wa Kiswahili anayajua: mganga aliyemrudisha mpenzi aliyekimbia, tajiri anayetafuta wa kuwapa mtaji, mtaalamu wa mikeka ya uhakika, kila mmoja na namba ya simu. Zamani yaliandikwa moja moja. Siku hizi huja kwa mtindo wa mazungumzo. Akaunti moja inaandika kwamba imepoteza pesa nyingi kwenye kubeti na inaomba ushauri. Akaunti ya pili inajibu kwamba nayo ilikuwa hivyo mpaka ilipompata bwana fulani. Ya tatu inauliza anapatikanaje. Ya nne inatoa namba. Ya tano inashukuru na kushuhudia. Zote zinaendeshwa na watu wale wale, na lengo ni msomaji aamini kwamba ameyafuma mazungumzo ya wanadamu.

Kwa hesabu yetu, mtindo huo una maana kubwa, kwa sababu kwenye YouTube maoni makuu yakifutwa, majibu yote yaliyo chini yake huondoka nayo. Tuseme kwenye video yetu ulikuwepo mjadala mmoja wa mikeka wenye majibu 11. Mfumo ukiugundua na kuuondoa, maandishi 12 yanatoweka kwa pigo moja. Na kama kuna shabiki wa kweli aliyeingia katikati kuwaonya wengine kwamba huo ni utapeli, onyo lake limekwenda na utapeli wenyewe. Atakuja kulalamika kwamba amefutwa, na atakuwa sahihi, ingawa hakuna aliyemlenga yeye. YouTube ilieleza kwamba katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2022 peke yake mifumo yake iliondoa maoni taka zaidi ya bilioni 1.1. Kiasi hicho hakiwezi kuondolewa na mikono ya wenye chaneli.

Mbali na taka, wapo wanaofuta maneno yao wenyewe baada ya hasira kupoa, na wapo wanaofuta akaunti zao, nazo zikaondoka na kila walichoandika kwenye video za wengine. Kama aliyefuta ndiye aliyeanzisha mjadala, majibu ya watu waliomjibu huondoka pia. Mtu mmoja akifuta sentensi yake moja, anaweza kuipunguzia video maandishi 20 ya watu ambao hawakuulizwa.

Sasa tumpe mwenye chaneli nafasi ya kufungua daftari. Anaingia YouTube Studio, anafungua sehemu ya maoni, na kwenye yanayosubiri ukaguzi anakuta 15: maoni makuu manane, na majibu saba ambayo ni yale yaliyotajwa kwenye vitufe bila kufunguka. Anaangalia orodha ya watumiaji aliowaficha na kumkuta mmoja aliyekuwa ameandika mara tano kwenye video hii. Jumla 20. Toa hiyo kwenye 35, zimebaki 15. Kumi na mbili ni ule mjadala wa mikeka uliofutwa jana usiku. Tatu ni za watu waliojifutia wenyewe. Hizo 15 za mwisho hazipo popote tena, lakini tarakimu ya juu bado inazishikilia, kwa kuwa kumbukumbu inayojitegemea huchelewa kuzifikia habari za kufutwa.

Akirudi baada ya muda, tarakimu imeshuka hadi 397. Hajagusa kitu. Wale waliokuwa wanalalamika wanapata ushahidi mpya: jana yalikuwa 412, leo 397, anafuta! Kwa kweli ni daftari ndilo limekatwa majina ya waliokwisha kuondoka. Anapitia yale 15 yaliyoshikiliwa, anapitisha kumi na kuyaondoa matano yenye matusi. Yanayoonekana yanapanda kutoka 377 hadi 387, na tarakimu ikishatulia itasoma 392. Pengo lililobaki ni tano, nayo ni ya yule mtu mmoja aliyefichwa. Hapo sasa kuna swali halali la kumwuliza mwenye chaneli: yule alikosa nini? Ni swali dogo, na linajibika, tofauti na lile la maoni 249.

Usitegemee kwamba kila video itakubali kufungwa kwa usafi huu. Nimeyajumlisha yaliyoshikiliwa na yaliyofichwa ndani ya 412, lakini kwa video fulani, saa fulani, tarakimu inaweza kuwa imeshayaacha nje. Hata upande wa pili hutokea: unahesabu maandishi mengi kuliko tarakimu inavyosema. Hiyo huonekana sana video inapokuwa mpya na watu wanaandika kwa kasi. Orodha imeletwa sasa hivi, tarakimu ni nakala ya muda mfupi uliopita. Ndiyo sababu pia watu wawili walioketi kochi moja, kila mmoja na simu yake, wanaweza kusoma tarakimu mbili tofauti juu ya video ileile. Tofauti ya aina hii huisha yenyewe. Ya kushikiliwa haiishi haraka mtu asipoishughulikia, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kuzitenganisha: tazama leo, tazama tena kesho kutwa. Kinachobaki palepale ni ukaguzi, kinachosogea ni ucheleweshaji.

Kuna kundi jingine linaloumizwa na jambo hili kimyakimya, nalo ni wanafunzi na watafiti. Anayetaka kuchunguza jinsi watu wanavyobishana kwa Kiswahili mtandaoni hawezi kunakili maoni 412 kwa mkono, seuze elfu kumi. Hutumia mlango ambao YouTube imewawekea waandishi wa programu. Kwenye mlango huo anaweza kuomba tarakimu ya juu, ambayo jina lake ni `commentCount`, na anaweza kuomba maoni yenyewe. Tatizo liko kwenye ombi la pili. Ukiomba mijadala hivi:

```
commentThreads.list
  part=snippet,replies
  videoId=KITAMBULISHO
  maxResults=100
  order=time
```

utaletewa maoni makuu hadi 100 kwa fungu moja, pamoja na alama ya kuombea fungu linalofuata. Kila mjadala utakuja na `totalReplyCount`, yaani idadi ya majibu yake, na majibu yenyewe. Lakini majibu yanayoletwa hapo ni machache tu, kwa kawaida hayazidi matano, hata kama mjadala una 31. Programu haitoi onyo. Mwanafunzi anaona majibu kwenye jedwali lake na kuamini kwamba yote yapo. Kwa mjadala wetu mkubwa, yaliyobaki nje ni 26, yaani sehemu kubwa ya ubishi. Utafiti juu ya ubishi uliokusanywa hivyo umekosa ubishi wenyewe.

Dawa ni ombi la pili kwa kila mjadala ambao majibu yaliyokuja ni pungufu ya `totalReplyCount`. Unaita `comments.list` na kuipa kitambulisho cha maoni makuu katika `parentId`, kisha unageuza kurasa mpaka ziishe. Baada ya hapo jumlisha maoni makuu na majibu yote uliyopata, uweke pembeni ya `commentCount`. Pengo litakalobaki ni la yaliyoshikiliwa, yaliyofichwa, yaliyofutwa na yaliyochelewa, na huwezi kulifunga ukiwa nje. Hali za `heldForReview` na `likelySpam` zinaombwa kwa ruhusa ya mwenye chaneli tu. Kwa hiyo kwenye tasnifu andika tarakimu zote mbili, na siku na saa ulizozichukua. Msomaji wa kazi yako ataelewa kwamba umesoma yaliyobaki baada ya kuchujwa, na kwamba kama uchunguzi wako ni juu ya lugha ya matusi, basi sehemu kubwa ya matusi iliondolewa kabla hujafika.

Mahali pengine ambapo pengo hili linagusa haki za watu ni kwenye zawadi. Chaneli nyingi hutangaza kwamba atakayeandika maoni ya 400 atapata jezi. Sharti hilo halitekelezeki. Maoni hayabebi namba ya foleni, na tarakimu ya juu inapanda na kushuka kwa sababu zote tulizoziona, huku ikihesabu pia majibu ya watu wasiojua kwamba kuna shindano. Mtu atapiga picha ya skrini inayosoma 400 chini yake kukiwa na jina lake, na mwingine atapiga ya kwake dakika hiyohiyo, kila mmoja akiwa na ushahidi.

Anayetaka kugawa jezi bila kuzua ugomvi atangaze kwamba yatahesabiwa maoni makuu tu, mtu mmoja mara moja, mpaka saa fulani ya siku fulani. Saa hiyo ikifika, kabla ya kuchezesha bahati nasibu, afungue kwanza kichupo cha yanayosubiri ukaguzi na kuwapitisha washiriki wote halali. Kwenye mashindano watu huandika maneno yanayofanana, wakati mwingine na namba zao za simu, na hayo ndiyo vichujio huyakamata kwanza. Kisha apange kuanzia mapya zaidi, ateremke mpaka mwisho, na kuihifadhi orodha ya majina. Mshindi atolewe kwenye orodha hiyo, na tarakimu ya juu isitajwe popote kwenye masharti.